Nini Kimebaki Ndani?

Swali lenyewe huwa fupi. Mtahiniwa anapewa mistari kumi hivi ya amri, anaambiwa kwamba rundo lilikuwa tupu mwanzoni, kisha anaulizwa: amri zote zikishatekelezwa, nini kimebaki ndani, na kwa mpangilio gani? Hakuna hesabu iliyozidi kutoa na kuzidisha namba ndogondogo. Hata hivyo, anayesahihisha karatasi za darasa zima hukuta majibu ya kila aina, na akiyatazama vizuri huona kwamba yale yasiyo sahihi hayakutawanyika ovyo. Yanajirudia. Wanafunzi wasiokaa pamoja, wasioweza kuchunguliana, wanafika kwenye jibu lile lile la uongo. Ukiujua mchezo, jibu baya linakwambia ni mstari upi uliomponza aliyeliandika.

Nitaeleza mchezo huo kwa swali moja la rundo na moja la foleni, yote mawili nimeyatunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya. Kwanza kanuni, ambazo ni chache.

Rundo ni mahali pa kuhifadhi vitu ambapo mlango ni mmoja, nao uko juu. Fikiria chapati kwenye hotipoti: ya mwisho kuepuliwa ndiyo inayolala juu, na ndiyo ya kwanza kuliwa. Ile ya kwanza kabisa iko chini, na mtu akiitaka hana budi kuondoa zote zilizoilalia. Amri za rundo ni tatu. `push(9)` inaweka 9 juu. `pop()` inaondoa kilicho juu na kumkabidhi aliyeita amri hiyo. `top()`, ambayo vitabu vingine huiandika `peek()`, inakusomea kilicho juu bila kukigusa. Foleni nayo ina milango miwili: `enqueue` inaingiza mtu nyuma, `dequeue` inamtoa aliye mbele. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa.

Hayo ndiyo yote yanayohitajika ili kujibu swali hili:

```
push(9)
push(4)
push(6)
x = pop()
push(x - pop())
push(5)
pop()
push(top() + 1)
y = pop()
push(y * pop())
```

Chukua karatasi ya rafu. Rundo liandike likiwa limelala, chini yake upande wa kushoto na juu yake upande wa kulia, na kwa kila amri anza mstari mpya. Usifute wala usikate namba kwenye mstari uliotangulia. Ukishaanza kufutafuta, ukikosea hutajua ulikosea wapi. Wino unaotumika ni mdogo kuliko alama zinazopotea.

Mistari mitatu ya kwanza haina hila. Baada yake tuna 9 4 6, na 6 ndiyo iliyo juu. Mstari wa nne unaitoa hiyo 6 na kuipa jina `x`, kwa hiyo rundoni zimebaki 9 4, na pembeni ya karatasi tunaandika x ni 6. Mstari wa tano ndio wa kwanza wenye meno. Amri iliyo ndani ya mabano hufanyika kabla ya ile iliyo nje: `pop()` inatoa 4, rundo linabaki na 9 peke yake, hesabu inakuwa 6 kutoa 4, na jibu lake, 2, linawekwa juu. Sasa tuna 9 2.

Mstari wa sita unaongeza 5, tunapata 9 2 5. Wa saba unasema `pop()` tu, bila kumtaja mpokeaji. Ile 5 inatoka, hakuna anayeichukua, nayo inapotea. Tumerudi kwenye 9 2. Mstari wa nane unasoma kilicho juu, yaani 2, unaongeza 1 na kuweka 3. Kwa kuwa `top()` haiondoi kitu, ile 2 bado ipo, na rundo sasa ni 9 2 3. Wa tisa unatoa 3 na kuipa jina `y`. Zimebaki 9 2. Wa kumi unatoa 2, unazidisha 3 kwa 2, na kuweka 6.

Kilichobaki ni 9 chini na 6 juu.

Sasa tuyatazame majibu mengine. Aliyeandika kwamba kumebaki 27 peke yake alidhani `top()` inaondoa. Kwake mstari wa nane uliing'oa ile 2, rundo likawa 9 3, kisha `y` ikachukua 3, na mstari wa mwisho ukatoa 9 na kuizidisha kwa 3. Hesabu yake yote ni safi kabisa. Aliteleza kwenye neno moja. Aliyeandika 9 2 30 aliupita mstari wa saba kana kwamba haupo, kwa sababu haukupeleka namba popote, akaiacha 5 imekaa juu. Kwake mstari wa nane uliweka 6, na wa kumi ukazidisha 6 kwa 5. Na aliyeandika 9 2? Huyu kwenye mstari wa tano alifanya 4 kutoa 6 badala ya 6 kutoa 4, akapata hasi 2. Mstari wa nane ukampa hasi 1, na mwishoni hasi 1 kuzidisha hasi 2 ikampa 2. Hasi mbili zimefutana, na kosa likatoka na sura ya jibu la kawaida lisilo na hata dalili ya hasi ndani yake.

Watungaji wa maswali ya kuchagua wanayajua haya. Zile herufi B, C na D zilizopangwa chini ya swali mara nyingi ni nyayo za makosa yanayofahamika, na ndiyo maana kuliona jibu lako limo kwenye orodha si ushahidi wa chochote.

Kuna kipimo cha haraka kinachoyakamata mawili kati ya hayo matatu bila kurudia kazi. Hesabu ni mara ngapi `push` imetokea, toa idadi ya `pop`. Kwenye swali letu `push` ni 7, na `pop` ni 5 ukihesabu na zile mbili zilizojificha ndani ya mabano ya `push`. Saba kutoa tano ni mbili, basi lazima vibaki vitu viwili. Mwenye 27 ana kimoja, mwenye 9 2 30 ana vitatu. Wote wawili wangejigundua kabla ya kengele. Mwenye 9 2 kipimo hiki hakimsaidii, maana idadi yake ni sahihi na kosa lake liko kwenye thamani. Kwa hiyo kipimo kinakwambia kwamba umekosea. Hakiwezi kukuhakikishia kwamba umepatia.

Kina udhaifu mwingine pia. Tazama amri hizi: `push(1)`, `pop()`, `pop()`, `push(2)`. Mbili kutoa mbili ni sifuri, lakini je, kweli rundo ni tupu? Amri ya tatu inataka kutoa kitu ambacho hakipo. Kitakachofuata kinategemea masharti ya swali. Likisema kwamba kutoa kwenye rundo tupu hakuna athari na kazi inaendelea, basi 2 itaingia na kubaki ndani, na kipimo chetu kitakuwa kimedanganya, kwa sababu `pop` moja ilihesabiwa ilhali haikutoa kitu. Likisema programu inasimama, basi amri ya nne haikufikiwa kabisa na rundo limebaki tupu. Kwenye lugha ya Python, ukitumia orodha ya kawaida kama rundo na usilizuie kosa hilo, utapata hili la pili, na skrini itakuandikia:

```
IndexError: pop from empty list
```

Swali lisilosema lolote kuhusu hali hiyo halafu likaiingiza katikati ya amri ni swali bovu, na mwanafunzi ana haki ya kuandika dhana yake pembeni ya jibu. Wasahihishaji waungwana hulitazama hilo. Wengine hawana muda.

Turudi kwenye ile 6 kutoa 4, kwa sababu ndiyo inayowasumbua hata wanaojua. Utaratibu wa kutoa una pande mbili na namba zinatoka rundoni moja baada ya nyingine; ipi ikae kushoto? Katika swali letu hakuna ubishi, kwani amri imeandikwa `x - pop()` na `x` ilishajulikana. Lakini chukua amri hii:

```
push(pop() - pop())
```

Rundo likiwa na 4 chini na 6 juu, katika Java na Python upande wa kushoto hufanyiwa kazi kwanza. Inatoka 6, halafu 4, na jibu ni 2. Katika lugha ya C na ndugu yake C++ hali ni nyingine. Sheria ya lugha hizo haisemi ni upande upi wa alama ya kutoa utangulie, hivyo kompyuta inaruhusiwa kufanya vyovyote, na kitakachowekwa rundoni kinaweza kuwa 2 au hasi 2. Mbaya zaidi kwa mzoefu wa lugha nyingine, rundo linalokuja na C++ lina `pop()` isiyomkabidhi mtu chochote. Inaondoa tu, na anayeitaka thamani hana budi kuisoma kwa `top()` kabla. Mtunga swali akiandika mstari kama huo bila kutaja lugha anaacha tundu, na mwenye busara huutenganisha kuwa mistari miwili yenye majina, kama tulivyofanya na `x`.

Mahali pengine mpangilio huo umeamuliwa kinyume, nako ni kwenye hesabu zinazoandikwa alama nyuma. Badala ya kuandika 7 − 2 × 3, unaandika namba kwanza na alama baadaye:

```
7 2 3 * -
```

Ukikuta namba, iweke rundoni. Ukikuta alama, toa namba mbili, fanya hesabu, rudisha jibu. Baada ya namba tatu za kwanza rundo ni 7 2 3. Alama ya kuzidisha inatoa 3 na 2, inarudisha 6. Rundo ni 7 6. Alama ya kutoa inaitoa 6 kwanza, halafu 7. Hapa kanuni ni kwamba iliyotoka kwanza hukaa kulia, basi ni 7 kutoa 6, jibu 1. Ukizubaa ukaiweka kushoto utapata hasi 1. Sababu ya kanuni hiyo ni nyepesi: 7 iliandikwa kabla kwenye hesabu ya asili, ikazama chini, na ili irudi kwenye nafasi yake ya kushoto lazima iliyo juu yake ikae kulia. Kwa hiyo mtu aliyekariri kwamba iliyotoka kwanza hukaa kulia atapata alama zote kwenye hesabu hizi, kisha ataupeleka ukariri huo kwenye `x - pop()` na kupata ile 9 2 tuliyoiona juu. Nadhani kosa lile huzaliwa hapa mara nyingi kuliko kwenye uzembe.

Hesabu za aina hii ndizo zilizolipa rundo umaarufu wake. Mwaka 1957 Wajerumani wawili waliokuwa München, Klaus Samelson na Friedrich Bauer, waliomba hataza ya mashine inayofanya hesabu zenye mabano kwa kuhifadhi namba na alama kwenye rundo. Lakini wazo lilikuwepo kabla yao. Mwingereza Alan Turing, kwenye mpango wake wa kompyuta ya ACE uliowasilishwa mwaka 1946, alishaeleza namna ya kutunza mahali ambapo kazi ilikatizwa ili mashine ikaifanye kazi nyingine ndogo, kisha irudi ilipotoka. Amri mbili za shughuli hiyo aliziita BURY na UNBURY, kuzika na kufukua. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ikatoa kikokotoo cha mfukoni cha HP-35 ambacho mtumiaji mwenyewe aliendesha rundo la namba nne kwa vidole vyake, akiandika namba kwanza na alama baadaye. Wahandisi waliokizoea walikuwa wakiazima vikokotoo vya wenzao na kuanza kutafuta kitufe ambacho hakipo.

Tukiingia kwenye foleni, mtu anaweza kudhani kazi itakuwa ile ile. Haiko hivyo. Kujua kilichobaki kwenye foleni ni rahisi mno, almuradi foleni haina kikomo na hakuna aliyetoa wakati ni tupu. Huhitaji kufuatilia hatua kwa hatua hata kidogo. Hesabu walioingia, hesabu waliotoka, halafu futa idadi hiyo kutoka mwanzo wa orodha ya walioingia. Wakiingia saba na kutoka watatu, waliobaki ni wanne wa mwisho kuingia, kwa mpangilio ule ule waliofika. Haijalishi waliotoka walitoka lini, katikati au mwishoni. Rundo halikupi nafuu hiyo, kwa sababu kilichotoka rundoni kinategemea nini kilikuwa juu wakati ule, na ukibadilisha zamu ya `push` na `pop` unabadilisha kilichobaki.

Kwa hiyo mtungaji anayetaka swali gumu la foleni huacha kuuliza nani yumo, anauliza wamekaa wapi. Hapo ndipo inapoingia safu ya duara.

Kompyuta huihifadhi foleni kwenye safu ya vyumba vyenye namba. Tuchukue vyumba vitano, namba 0 hadi 4. Mtu akitoka mbele, wengine hawasogei. Kuwasogeza wote kila anapotoka mmoja ni kazi kubwa kwenye foleni ndefu. Badala yake tunatunza namba mbili pembeni: `front` inayosema chumba alimo wa mbele, na `rear` inayosema chumba alimo wa nyuma. Anapotoka wa mbele tunaongeza `front` kwa moja. Anapoingia mpya tunaongeza `rear` kwa moja na kumweka hapo. Ikipita chumba cha 4 inarudi 0, na kwa hesabu huandikwa hivi:

```
rear = (rear + 1) % 5
```

Alama ya `%` inamaanisha baki baada ya kugawanya. Nne ongeza moja ni tano, tano kwa tano haina baki, hivyo tunarudi chumba cha 0.

Foleni ni tupu, `front` ni 0, na `rear` tumeianzisha kwenye 4 ili wa kwanza aingie chumba cha 0. Wanaingia A, B, C na D. Wanatoka wawili. Wanaingia E na F. Anatoka mmoja. Anaingia G. Chora safu.

Wanne wa kwanza wanakaa vyumba vya 0 hadi 3. Wanapotoka A na B, `front` inahamia 2. E anaingia chumba cha 4. F hana chumba mbele yake, anazunguka na kukaa chumba cha 0, alipokuwa A. Anatoka C, na `front` inakuwa 3. G anaingia chumba cha 1, alipokuwa B. Mwishoni ukifungua kumbukumbu ya kompyuta na kusoma safu kuanzia mwanzo utaona hivi:

```
chumba:   0  1  2  3  4
ndani:    F  G  C  D  E
front = 3, rear = 1
```

Hapa ndipo mkono hunyanyuliwa darasani: “Mwalimu, C si ametoka? Mbona bado yumo?”

Ni kweli yumo. Hakuna aliyemfuta. Kutoka kwenye foleni hii hakumaanishi kufutwa, kunamaanisha tu kwamba `front` imekuvuka. A na B nao hawakufutwa walipotoka. Walipotea pale F na G walipoandikwa juu yao. C ataendelea kuonekana kwenye chumba cha 2 mpaka mwingine akiingie, lakini hayumo kwenye foleni. Ili kuisoma foleni yenyewe unaanza na `front`, unakwenda mbele ukizunguka, na unasimama kwenye `rear`: D, E, F, G. Kipimo chetu kinakubali, saba walioingia kutoa watatu waliotoka ni wanne.

Kwa hiyo soma swali mara mbili. Likiuliza yaliyomo kwenye foleni, jibu ni D E F G na anayeandika F G C D E hapati kitu. Likiuliza yaliyomo kwenye safu, jibu ni F G C D E na anayemwacha C nje ndiye anayekosa. Wapo watungaji wanaoweka mstari mtupu kwenye chumba cha aliyetoka, wakichukulia kwamba programu yao inafuta. Hilo nalo linaruhusiwa, ila lazima walitaje.

Tuongeze amri moja tu ya mwisho kwenye swali letu: anaingia H. Chumba cha 2 kiko wazi kwa maana tuliyoieleza, `rear` ni 1, basi H anakaa 2, C anapotea hatimaye, na foleni ni D E F G H. Vyumba vyote vitano vimejaa. Sasa `rear` ni 2 na `front` ni 3, yaani chumba kinachofuata baada ya wa nyuma ndicho cha wa mbele. Kumbuka tulivyoanza: foleni ikiwa tupu, `rear` ilikuwa 4 na `front` 0, na chumba kinachofuata baada ya 4 ni 0. Hali ni ile ile! Kwa namba hizi mbili peke yake, foleni iliyojaa pomoni na foleni isiyo na mtu hazitofautishiki.

Waandishi wa programu wana njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kutunza namba ya tatu, idadi ya waliomo, inayopanda kwa kila anayeingia na kushuka kwa kila anayetoka. Ya pili ni kukubali kwamba chumba kimoja kitakaa bure siku zote: foleni huhesabiwa imejaa wakati bado kimebaki kimoja, hivyo hali ya kujaa na ya kuwa tupu haziwezi kufanana. Safu ya vyumba vitano inabeba wanne tu. Vitabu vingi hufuata njia hii ya pili, na mwanafunzi asiyeisoma vizuri hushangaa kuona kwenye jibu la mwalimu kwamba H alikataliwa. Chini ya utaratibu huo foleni ilijaa alipoingia G, na jibu la mwisho linabaki D E F G hata baada ya amri ya kumwingiza H.

Kuna na utaratibu wa tatu, usiotokea sana kwenye mitihani lakini unaotumika kila siku kwenye programu zinazotunza kumbukumbu za matukio ya karibuni tu. Huo haumkatai anayeingia. Unamsukuma nje aliye mbele ili mpya apate nafasi. Python inautoa ukiwa tayari:

```
from collections import deque
f = deque("DEFG", maxlen=4)
f.append("H")
print(list(f))
```

Kinachochapishwa ni `['E', 'F', 'G', 'H']`. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna onyo, na hakuna `dequeue` iliyoitwa popote, lakini D ameondoka. Mwenye kuhesabu walioingia na waliotoka atapata watano na kuanza kumtafuta aliyepotea. Kwa H huyo mmoja, basi, kuna majibu matatu, na yote ni sahihi kwa masharti yake: D E F G H kwa anayehesabu idadi, D E F G kwa anayeacha chumba kimoja, E F G H kwa anayemsukuma wa mbele. Masharti hayo kwa kawaida huwekwa kwenye sentensi moja juu kabisa ya swali, kabla ya amri ya kwanza, pale ambapo mtu mwenye haraka huparuka.